Lebo ya dagaa wa Igombe: nilivyopanga Kiswahili na Kiingereza bila kubananisha

"Weka Kizungu juu, mwanangu, ionekane ya supamaketi." Hayo ndiyo maagizo niliyopewa na mama mmoja wa Igombe aliyekuja kwenye kibanda changu cha uchapaji Kirumba, akiwa na mfuko wa kaki mkononi. Hununua dagaa, huwakaanga kwa mafuta ya alizeti na chumvi kidogo, kisha huwafunga gramu 200 kwa mfuko. Stika yenyewe ingekuwa milimita 90 kwa 120, ukubwa unaotoa lebo tisa kwenye karatasi ya A3.

Nilimtii. Kila kitu nilikiandika mara mbili, Kiingereza kwanza, halafu alama ya mkwaju, halafu Kiswahili. Nilipobandika nakala ya kwanza kwenye mfuko nikaona nimeandika gazeti. Jicho halikuwa na pa kutua, na ile mikwaju ilionekana kama fito za uzio. Mama aliigeuza mara mbili, akauliza, "Bei wataandika wapi?" Sikuwa na jibu.

Kabla ya kugusa kompyuta tena nilimwomba anisomee daftari lake la mauzo. Katika mifuko 50 ya mwisho, 41 ilikuwa imenunuliwa hapa hapa Mwanza, madukani na stendi na watu waliobeba zawadi za safari. Tisa tu ndiyo iliyovuka kwenda Kisumu na Kampala, au kuchukuliwa na wageni. Na huko Kisumu nako Kiswahili kinasomwa. Basi nikamwambia, "Mama, anayeugeuza mfuko huu kusoma nyuma kabla hajatoa hela ni mtu wako wa Mwanza. Mgeni ataitafuta lugha yake na ataipata, mradi kila mara ikae mahali palepale." Alinyamaza kidogo, akakubali kwa sharti kwamba Kiingereza kisionekane kama kimefichwa.

Sharti hilo lilinisaidia. Kosa ambalo wengi tunalifanya ni kubadilisha zamu: mbele Kiswahili juu, nyuma Kiingereza juu, kwa kudhani ni usawa. Matokeo yake msomaji wa lugha zote mbili analazimika kuanza kutafuta upya kila kipande. Tukakubaliana Kiswahili kitangulie kila mahali, bila ubaguzi.

Kisha nikachukua karatasi nikaorodhesha kila kilichokuwa kwenye lebo, nikakata kwa kalamu nyekundu kile kisichohitaji kusemwa mara mbili. Jina la biashara halina tafsiri. Namba ya simu, mahali, msimbopau na namba ya bechi, vivyo hivyo. Uzito ni tarakimu, nayo inasomeka kwa lugha yoyote: "200 g" moja kubwa, na maneno ya "uzito halisi" ya lugha zote mbili madogo juu yake. Niliuweka uzito huo upande wa mbele karibu na jina la bidhaa, kwa sababu kanuni za Kodeksi, viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka jina na kiasi vionekane kwa mtazamo mmoja. Nusu ya msongamano iliondoka kwa kalamu ile tu.

Jina la samaki ndilo lililotuchukua muda mrefu. Mama alitaka Kiingereza chake kiwe kile cha samaki wa kopo, "sardines". Nikakataa. Dagaa wa Ziwa Viktoria, Rastrineobola argentea, hawana undugu na samaki hao. Wenye undugu huo ni dagaa wa Tanganyika. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa Kisumu anamwita omena, na wa Kampala mukene, kwa hiyo tafsiri ya kubuni isingemfaa hata mmoja. Tukaacha neno DAGAA kubwa peke yake, likiwa la lugha zote mbili. Chini yake mstari mmoja wa Kiswahili, "wa kukaanga, wa Ziwa Viktoria", na mstari mmoja wa Kiingereza unaoeleza kwamba ni samaki wadogo wa ziwani waliokaangwa, ukimalizika na omena na mukene. Jina lilipoacha kurudiwa, mbele ya mfuko pakapumua.

Nyuma nilijaribu kwanza safu mbili, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, kila moja milimita 39. Ilipendeza kwenye skrini, ikaharibika kwenye karatasi. Maneno yetu yanabeba nafsi, wakati na kitenzi kwa pamoja, kwa hiyo "imetengenezwa" au "usiyahifadhi" yanakula nusu ya mstari mwembamba. Kwa kuwa nilikuwa nimesawazisha kingo zote mbili, palitokea mapengo makubwa kati ya maneno. Nikaruhusu programu ikate maneno mwishoni mwa mstari, nayo ikakata kwa kanuni za Kiingereza: "imeteng-" juu, "enezwa" chini. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, i-me-te-nge-ne-zwa, lakini programu yangu haikulijua hilo. Nilizima ukataji kabisa, nikasawazisha ukingo wa kushoto tu.

Halafu nikaacha safu, nikapanga kwa jozi: aya fupi ya Kiswahili, na Kiingereza chake chini yake moja kwa moja. Siri iko kwenye nafasi. Kati ya Kiswahili na Kiingereza cha jambo moja niliacha milimita 1.5, kati ya jambo moja na jingine, 4. Jicho linaona lenyewe kipi ni cha kipi, bila mkwaju wala mstari wa kugawa. Mwanzoni nilikuwa nimeacha milimita 2.5 kote, na Kiingereza cha viambato kikaonekana kama kichwa cha maelezo ya kuhifadhi.

Kutofautisha lugha, niliipa Kiswahili herufi nzito na Kiingereza herufi za kawaida, ukubwa uleule, pointi 7. Kupunguza Kiingereza hadi pointi 5 ni kukificha, jambo ambalo mama alikuwa amelikataza. Herufi za mlazo nazo huvunjika kwenye kaki, na rangi ya kijivu inazama. Kipimo changu cha chini ni kwamba herufi "x" isipungue urefu wa milimita 1.2, ambao Umoja wa Ulaya uliuweka kwenye kanuni namba 1169 ya mwaka 2011. Mama hauzi Ulaya, lakini sijaona kipimo rahisi zaidi cha kushika kwa rula.

Nilichapa kwa ukubwa halisi kwenye karatasi ya kawaida, nikakata, nikabandika, nikampelekea muuza duka jirani asiyejua habari zetu. Nilimwomba anionyeshe tarehe ya mwisho wa matumizi. Akatafuta, akatafuta. Nilikuwa nimeiweka katikati ya maelezo, nayo hugongwa kwa muhuri baadaye, kwa hiyo ilionekana kama nafasi tupu iliyosahaulika. Nikaihamishia kona ya chini kulia, kisanduku cha milimita 30 kwa 12 chenye maneno ya lugha mbili juu yake. Kisanduku hicho hakipakwi laminesheni, maana wino wa muhuri kwenye uso unaong'aa, ukikutana na vidole vya mafuta ya dagaa, hufutika siku hiyohiyo. Kushoto kwake pakabaki peupe pa kuandikia bei.

Tulichapa karatasi 50, lebo 450. Wiki mbili baadaye mama alirudi akitaka ya gramu 500, tena mwanawe amemshauri tuongeze Kifaransa kwa wateja wa Bujumbura. Nilimwonyesha jozi zile kwa rula, nikamwambia lugha ya tatu itakuwa lebo yake peke yake. Ameenda kuhesabu kwanza wateja wa Bujumbura ni wangapi.