Mipira ilipodondoka

Mdogo wangu wa mwisho, yule asiyesoma karatasi ya hospitali mpaka chini, juzi kanitumia ujumbe: "Kaka, leo nimefungwa mipira ya bawasiri. Wameandika eti damu inaweza kuja baada ya wiki. Kama ni ya kuja si ije leo?" Nilicheka. Halafu nikakumbuka vigae vya choo cha nyumba ile ya zamani, kicheko kikakatika.

Bawasiri yangu ilikuwa ya ndani, inayochungulia nje ukienda haja kubwa kisha inarudi yenyewe. Kufungwa kulikwisha kabla sijamaliza kuogopa. Nililala ubavu wa kushoto, magoti kifuani, daktari akaingiza kibomba kifupi, akavuta ile nyama, mpira mdogo ukaikaba shingoni. Hakuna kisu, hakuna sindano. Aliniuliza zaidi ya mara moja kama nasikia maumivu makali, maana mpira ukikaa chini mno, kwenye sehemu yenye hisia kama ngozi, mtu hujua papo hapo na inabidi utolewe. Mimi nilisikia uzito tu.

Uzito huo ndio uliotawala siku za mwanzo. Unahisi haja imefika mlangoni, unakimbia, unakaa, hakuna kitu. Ni ile nyama iliyofungwa na kuvimba, mwili unadhani ni choo. "Hiyo haja ni ya uongo," nesi alikuwa ameniambia, "ukiisukuma unajiumiza bure." Kwa hiyo nilikuwa nainuka na kuondoka, nikiwa sijaridhika. Nilikuwa na parasetamoli, dawa ya kulainisha choo, maji mengi ya kunywa, na beseni la maji ya vuguvugu la kukalia kama robo saa nikisikia kunabana. Aspirini na ibuprofeni zilikatazwa, kwa kuwa zinachelewesha damu kuganda. (Anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo asiziache kwa uamuzi wake. Hilo ni la kuzungumza na daktari kabla ya kufungwa.)

Baada ya hapo nikapona. Yaani nilijiona nimepona. Hapo ndipo masharti yalipoanza kunikera: usibebe kizito, usifanye mazoezi ya kubana tumbo, usisafiri safari ndefu kwa wiki mbili. Wakati ninaumwa sikuhitaji kukatazwa, nilikuwa nimelala. Sasa natembea, nakaa vizuri, kuna safari ya kikazi inaningoja, na mama watoto kaibandika ile karatasi kwenye mlango wa jokofu kama hati ya mahakama. Safari nikaiahirisha. Ndoo ya maji nikawa naitazama tu ikipita, imebebwa na mwanangu.

Ilikuwa asubuhi, wiki ikiwa imeshapita au karibu yake. Nilienda haja vizuri kabisa, choo laini, bila kusukuma. Kwenye karatasi ya chooni kulikuwa na mchirizi mwekundu. Hilo nililitarajia, nikanawa, nikanywa chai. Haikupita muda nikasikia tena ile haja. Nikasema moyoni, haja ya uongo imerudi. Nikakaa ili nijiridhishe tu, na bila kusukuma chochote nikasikia kitu kimetoka chenyewe, kingi, cha moto. Nikainuka kutazama.

Haikuwa choo hata kidogo. Ilikuwa damu tupu, nyekundu inayong'aa, na katikati yake mabonge meusi yanayoteleza kama maini mabichi. Tone moja lilikuwa limeangukia kigae karibu na kidole changu cha mguu, na kwa sababu nisiyoijua nilishughulika na tone hilo kwanza. Nililifuta, nikalitazama tena, nikalifuta tena. Maumivu hayakuwepo kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mkono ukiukata unauma, unajua pa kubana. Hapa palikuwa kimya, hapana pa kushika, na ndani nilihisi kuna nyingine inajikusanya.

Nilipiga ile namba iliyo chini ya karatasi. Nesi hakuniuliza kama naogopa. Aliuliza: imetoka mara ngapi? Kuna mabonge? Ukisimama unasikia kizunguzungu, moyo unakwenda mbio? Kisha akaniuliza mambo niliyoona hayahusiani: una homa, maumivu yanazidi badala ya kupungua, mkojo unagoma kutoka? Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba hayo matatu ni ya hatari nyingine, adimu lakini mbaya kuliko damu. Ni dalili kwamba wadudu wameingia nyonga na maambukizi yanasambaa, na mwenye nazo hangoji kupambazuke. Mimi sikuwa nazo. "Lakini mabonge, na imejirudia," akasema. "Njoo, baba. Na usiendeshe gari mwenyewe."

Ya njiani nayaruka. Nilipofika walipima mapigo na presha, wakachukua damu kuangalia wingi wake, wakanilaza na kuningoja. Mara ya tatu ikatoka kidogo, ya nne haikuja. Daktari alipochungulia kwa kibomba chake akakuta damu imeshajifunga yenyewe. Mpira haukuwepo, nyama haikuwepo, pamebaki kidonda kidogo.

Akanieleza kwa lugha ya uzazi, nadhani kwa sababu ya mama watoto aliyekuwa amekaa pembeni. Kitovu cha mtoto mchanga hufungwa, hukosa damu, hukauka na kudondoka chenyewe baada ya siku kadhaa. Nyama ya bawasiri nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Kwa wengi hudondoka ndani ya wiki moja au siku kumi, ikaenda na choo bila mwenyewe kujua. Inapobanduka huacha kidonda, na mshipa wa chini yake ukiwa haujaziba vizuri, damu hutoka siku hiyo, wala si siku ya kufungwa. Wengi huona matone. Wachache sana huona nilichokiona mimi, na wachache zaidi huhitaji kushonwa au kuongezewa damu.

"Kumbe siku mbaya ni ile mtu anayojisikia mzima," mama watoto akasema. Daktari akaitikia kwa kichwa. Ndiyo maana ya wiki mbili, akasema: kidonda kipya kisikutane na tumbo lililokaza kwa sababu ya gunia, na kikikutana na bahati mbaya kisikukute ndani ya basi, usiku, mbali na hospitali.

Nikamwambia mimi sikubeba gunia. Sikubeba hata ndoo. Nimetii karatasi nzima, na damu imetoka. Akasema ndiyo, hutokea, ingeweza kutoka hata ningelala kitandani muda wote. Basi masharti yanasaidia nini? Akanitazama kidogo, akasema kwamba yanapunguza, hayazuii, kisha akaniongezea muda wa masharti yaleyale kuanzia siku ile.

Mama watoto ana maelezo yake. Anasema jana yake nilicheka mno na shemeji yangu, na kucheka nako kunabana tumbo. Sijawahi kupata hoja ya kumshinda.

Wiki kadhaa baadaye nilirudi kufungwa bawasiri nyingine iliyobaki. Uzito uleule, haja ya uongo ileile, beseni lilelile. Nilikaa nikiingoja ile wiki kwa mashaka, namba ya nesi mfukoni, gari la jirani limeombwa mapema. Halikutoka hata tone. Siku ile mpira ulipodondoka siijui mpaka leo.