Nilivyosoma vibaya msimbo wa hitilafu ya printa

Mdogo wangu ana steshenari Ngamiani, Tanga. Kompyuta yake ya pili ilipokataa kuunganishwa na printa ya kaunta, alinitumia picha ya skrini. Nikaandika msimbo harakaharaka, 0x00000116, nikautafuta. Majibu yote yalihusu kadi ya picha! Nusu saa ikapotea.

Picha ilikuwa na ukungu, maana programu ya kuchati huibana. Nikamwambia, "Itume tena kama faili." Nikaikuza, nikaandika upya kwenye Notepad kwa fonti ya Consolas, ambayo sifuri yake ina mkato ndani:

```
Windows cannot connect to the printer.
Operation failed with error 0x0000011b.
```

Kumbe "6" yangu ilikuwa "b". Baada ya 0x nilihesabu alama nane, zote kati ya 0–9 na a–f, kwa hiyo O na l hazina nafasi. Lakini 6 na b zote zinaruhusiwa. Hapo ni jicho tu: b ina mgongo ulionyooka, 6 hujipinda juu. Nukta ya mwisho ni ya sentensi, kwenye kutafuta niliiacha.

Msimbo sahihi ulinipeleka moja kwa moja kwenye masasisho ya usalama ya Windows ya Septemba 2021, yaliyovuruga printa za kushirikiana.

Baadaye nilimwonyesha: kisanduku cha kawaida cha Windows kikiwa wazi, Ctrl+C hunakili maandishi yake. Visanduku vingine hukataa.