Tairi liko kwenye mkonga?

Leo gereji nimecheka hadi machozi.

Mteja kaleta gari lililotoka Marekani, na kitabu chake kimo humo humo. Kijana anayejifunza kazi akasoma: spare tire, trunk. Akatoa simu, akafungua kamusi.

Tire: kuchoka.
Trunk: shina la mti, mkonga wa tembo.

Akanitazama. "Kaka, hapa wanasema akiba imechoka, iko kwenye mkonga?"

Jamani!

Iko hivi. Mwingereza ana tahajia mbili: tyre ni tairi, tire ni kuchoka. Mmarekani yote mawili anaandika tire. Ukifungua kamusi ya Kiingereza cha Uingereza utakutana na kuchoka kwanza, na tairi utaliona pembeni ya alama US, kama hukuharakisha kufunga. Kerb na curb ni vivyo hivyo: ukingo wa barabara, na kuzuia.

Nikamwambia atazame neno lililotangulia. Kukiwa na the, a au spare, hicho ni kitu, si kitendo.

Trunk ndiyo ngumu, maana hapo tahajia haikusaidii, ni neno jingine kabisa. Mwingereza anasema boot, na sisi tukapata buti. Hata boneti tumetoa kwake. Mmarekani anaiita hood, na hiyo kamusi itakupa kofia ya koti!

Kijana sasa anaita kila buti mkonga, na mteja haelewi kitu.

Nyie mmekutana na lipi? Tupieni hapo chini.