Habu iliyochemka, na sili niliyoilaumu bure

Nilisimama Usagara nikitokea Shinyanga na mzigo wa mchele. Kama kawaida yangu nikapitisha mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ya nyuma kushoto ilichoma. Mwenzake wa kulia alikuwa vuguvugu tu. Breki zikiwa chanzo, mara nyingi dramu ndiyo huwa ya moto zaidi. Hapa joto lilikuwa katikati, na grisi imerukia ukuta wa ndani wa tairi.

Wiki tatu nyuma, nikidhani kosa ni la sili inayozuia grisi isitoke, gereji moja hapa Mwanza ilinibadilishia sili ya gurudumu hilohilo. Safari hii nilimwambia fundi wangu wa Igoma, "Kaka, fungua yote."

Beringi ya ndani ilikuwa na rangi ya bluu, dalili ya kuungua. Nati ilikuwa imekazwa kupita kiasi: beringi ikapata joto, grisi ikayeyuka na kusukumwa nje. Kwenye ekseli, pale mdomo wa sili unapokaa, nilipopitisha kucha ilinasa kwenye mfereji uliochimbika. Hapo hata sili mpya ingevuja.

Tulivalisha bushi nyembamba juu ya mfereji, tukaweka beringi mpya pamoja na kikombe chake, ile pete ya nje inamozungukia. Viatu vya breki vilivyolowa grisi tulivitupa, kuosha hakusaidii. Nati tulikaza huku gurudumu likizungushwa, tukailegeza, tukaacha mchezo, yaani nafasi ya kucheza, mdogo sana, chini ya milimita 0.13.

Sasa kila mwezi nainua gurudumu kwa jeki, nalitikisa juu na chini, kisha nalizungusha nikisikiliza mkwaruzo.