Matikiti Yaliyopinda Kando ya Mto Sabaki

Nalima matikiti maji karibu na Mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, katika shamba alilotuachia mjomba pamoja na miembe na mitopetope michache. Msimu mmoja miche ilistawi na maji hayakupungua, lakini maua mengi ya kike yaligeuka manjano na kudondoka, na matunda yaliyobaki yakawa membamba upande mmoja. Wengi walinishauri niongeze mbolea. Nilipolipasua tunda lililopinda nikaona kwamba upande ulionona una mbegu nyeusi zilizojaa, ilhali upande uliosinyaa una mbegu nyeupe, bapa, zisizo na kiini. Tunda hunenepa pale mbegu zinapokua, na mbegu hazikui pasipo chavua.

Ili nihakikishe, nilitoka alfajiri maua yanapofunguka, nikachuma maua dume, nikayavua petali na kupaka chavua yake juu ya maua ya kike, pande zote tatu za kichwa chake chenye utelezi. Ua la kike hutambulikana kwa kitunda kidogo chenye manyoya kilicho chini yake. Kila ua nililolipaka nililifunga uzi. Baada ya siku chache, yenye uzi yalikuwa yameshika na kuendelea kukua mviringo, na mengi ya jirani zake yalikuwa yamekauka. Basi udongo na maji havikuwa na lawama; waliokosekana ni wachavushaji.

Chavua ya tikiti ni nzito na hunata, hivyo upepo hauibebi. Ua la kike hufunguka asubuhi moja tu na kufunga siku hiyo hiyo, na huhitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi, nane au zaidi, ndipo chavua ienee sawasawa. Siku za nyuma tulikuwa tukiona nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma na wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Msimu ule maua yalikuwa kimya. Nilichunguza nikagundua kwamba shamba la nyanya lililopakana nasi lilipuliziwa dawa saa mbili asubuhi, wakati ule ule nyuki wanapokuwa kazini.

Nilimwendea mwenye shamba lile, mzee anayeniita mwanangu, nikamchukulia matunda yote mawili, lililonyooka na lililopinda. Sikumlaumu, kwa sababu naye alikuwa akipigana na wadudu wake. Tulisoma vibandiko vya chupa zake pamoja. Moja ilikuwa na lambda-sihalothrini, ambayo huua mdudu anapoguswa nayo. Hiyo tulikubaliana aipulizie jioni, nyuki wakisharudi, na siku isiyo na upepo. Kufikia asubuhi inakuwa imekauka na hatari yake hupungua, ingawa haiishi. Nyingine ilikuwa na imidaklopridi, na hapo jioni haisaidii kitu, maana dawa hiyo hunyonywa na mmea, ikapanda hadi kwenye nekta na chavua. Nyuki asipokufa papo hapo huweza kupotea njia ya kurudi mzingani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake mashambani mwaka 2018. Mzee alikubali kuiacha kuanzia nyanya zinapokaribia kutoa maua, akatumia maji ya mwarobaini, nayo pia jioni.

Miembe ilinifunza jambo ambalo wakulima wengi hulipuuza. Maua ya mwembe huchavushwa zaidi na nzi, hasa wale wa kijani wanaong'aa na wale wenye mistari wanaoelea hewani, kuliko nyuki wa asali. Kwa hiyo anayepulizia mwembe ukiwa umechanua anaua wanaomletea maembe. Nzi hao si nzi wa matunda, anayetoboa embe likiwa limekomaa na kutaga mayai ndani. Huyo hutegewa mtego, wala hakuna haja ya kuogesha mti mzima kwa ajili yake.

Mtopetope nao hutegemea mbawakavu wadogo wa kahawia. Ua lake lina petali nene ambazo hazifunguki sana, na huwa la kike kwanza, kisha hutoa chavua baadaye. Mbawakavu huvutwa na harufu, hujipenyeza ndani, na wakitoka na chavua huingia ua jingine. Hawa huzaliana katika matunda yaliyooza, kwa hiyo nimeacha mabaki ya topetope chini ya miti. Si kila mbawakavu ni rafiki, hata hivyo: yule mwekundu anayetafuna majani na maua ya tikiti namwokota kwa mkono, umande ukiwa bado haujakauka.

Msimu uliofuata nyuki walirejea polepole, wa asali kwanza, na matunda mengi yalinyooka. Wale weusi wakubwa wamechelewa, kwa kuwa hutaga mayai machache na makao yao ni mbao kavu. Nimewaachia magogo ya mkorosho mpakani, na sehemu hiyo mzee hapulizii dawa yoyote.