Kozi ipi niipandishe?

Mtihani unakaribia na muda unatosha kusukuma kozi moja tu. Kila daraja ninalopanda linaongeza pointi 1 mara krediti za kozi, kwa hiyo nimegawanya krediti kwa alama zinazokosekana.

Sheria ina krediti 12, lakini nakadiria 63 na A inaanzia 70. Alama 7 kwa pointi 12 ni ghali, nimeiacha. Uchumi una krediti 8, nipo 69. Alama 1 tu! Takwimu krediti 12, nipo 58, B+ ni 60. Kwa hesabu hiyo Uchumi unashinda: 8 kwa alama, Takwimu 6.

Ila 69 ni makadirio, na nani hulenga 70 kamili? Nikaongeza alama 3 za tahadhari kila upande. Uchumi sasa unadai alama 4, yaani pointi 2 kwa alama. Takwimu inadai 5, yaani 2.4. Mpangilio umegeuka.

Mtihani una uzito wa asilimia 60, kwa hiyo alama 5 hizo ni kama 8 au 9 kwenye karatasi ya 100. Swali moja la uwezekano, ambalo huwa naliruka, linatosha.