Kilo moja na nusu baada ya kwanjula

Jumapili ile alfajiri nilipanda mizani mara tatu. Ilisoma 87.9. Nikaisogeza kutoka kwenye ukingo wa mkeka hadi kwenye saruji tupu, nikapanda tena: 87.9. Mara ya tatu nilivua hata saa. Jumamosi asubuhi, palepale, nimetoka chooni na sijanywa chai, nilikuwa na 86.4.

Kati ya vipimo hivyo viwili kulikuwa na kwanjula, sherehe ya kutambulishana wakwe, ya binti wa rafiki yangu kule Mukono. Nilitoka Malaba asubuhi, nikarudi usiku wa manane. Nilikula pilau, matoke, chapati mbili, nyama ya kuchoma ya kuchovya kwenye chumvi, na soda mbili. Sikatai, nilikula. Lakini kilo moja na nusu?

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, kazi ya kukaa na kusubiri malori, na daktari alikuwa ameniambia presha itashuka nikipunguza mwili. Nilianza na 90.6. Niliacha posho, chapati na soda, nikabaki na maharage kidogo, sukuma, mayai na samaki. Siku sita tu, nikawa 88.1. Nilijisifu kila kibanda cha chai. Baada ya hapo mwendo ukawa wa kinyonga, nusu kilo kwa wiki au chini yake, hadi hiyo 86.4. Kwa hiyo hasara ya Jumapili ilikuwa kama jasho la wiki tatu kumwagika kwa sahani moja.

Nikampigia shemeji, kaka wa mke wangu, anayefundisha baiolojia sekondari.

"Shemeji, usiku mmoja nimeongeza kilo moja na nusu ya mafuta."

Akacheka kwanza. "Ulikula magunia mangapi, shemeji? Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Piga hesabu."

Nikapiga. Kilo moja na nusu ni kalori 11,550. Gramu 100 za wali uliopikwa zina kama kalori 130, kwa hiyo ningehitaji karibu kilo tisa za wali, tena juu ya chakula changu cha kawaida cha siku. Hata mgeni wa heshima hapakuliwi hivyo.

Basi uzito ulitoka wapi? Shemeji alinirudisha nyuma, kwenye zile siku sita nilizojisifu. Wanga tunaoula, yaani posho, matoke, wali na sukari, mwili huuvunja kuwa glukosi. Isiyotumika mara moja hufungwa pamoja na kuwa glaikojeni, akiba ya nguvu. Ini la mtu mzima hubeba kama gramu 100, na misuli yote kwa pamoja gramu 400 hivi. Glaikojeni haikai kavu. Kila gramu hulala na maji kama gramu tatu. Anayepika posho ataelewa upesi: unga wa kilo moja hautoi posho ya kilo moja, kwa sababu unga umeshika maji, na sufuria nzima ndiyo unayoibeba.

Nilipoacha wanga, mwili ulikula akiba hiyo na maji yake yakatoka kwa mkojo. Sehemu kubwa ya zile kilo mbili na nusu za siku sita ilikuwa hiyo, si mafuta. Iliniuma kidogo kusikia. Ila ndiyo iliyofungua fumbo la Mukono: ghala lilikuwa karibu tupu, nami nikalipelekea pilau, chapati na soda. Tuseme gramu 200 ziliwekwa akiba. Pamoja na maji yake gramu 600, hizo ni gramu 800.

Chumvi ina njia yake. Maji ya dripu, yale ya chumvi, yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja, kwa sababu yametengenezwa yalingane na chumvi ya damu. Mwili hulinda kiasi hicho kwa ukali. Ukizidisha chumvi unasikia kiu, unakunywa, na figo zinazuia maji hadi chumvi ya ziada itolewe, jambo linaloweza kuchukua siku moja hadi tatu. Nyama ya kuchovya na pilau ya sherehe ziliniongezea kwa urahisi gramu 4, pungufu ya kijiko cha chai. Hizo huzuia kama gramu 450 za maji. Tena wanga mwingi hupandisha insulini, nayo huziambia figo zishike chumvi zaidi, kwa hiyo viwili hivi vikija pamoja vinasaidiana.

Jumlisha: 800 na 450 ni 1,250. Zilizobaki, gramu 250, ni chakula chenyewe kilichokuwa bado tumboni, na mafuta kidogo. Makadirio haya ni ya mezani, hakuna aliyenipima maabara. Na mafuta? Nikikubali kwamba nilizidisha kalori 1,500, kama 800 kati yake ziliingia kwenye glaikojeni. Zilizobaki 700 ni mafuta yasiyofika gramu 100.

Nilirudi kwenye mlo wangu bila kujinyima zaidi. Jumatatu 87.3, Jumanne 86.9, Jumatano 86.7, Ijumaa 86.4.

Ubishi ukanishika, nikataka kutenganisha chumvi na wanga. Msimu wa nsenene ulipofika nilikula sahani moja jioni, zenye chumvi ya kutosha, bila wanga. Asubuhi nimeongeza gramu 600. Pete ilikataa kutoka kidoleni na soksi za kazini zikaacha alama ya duara mguuni hadi usiku. Baada ya siku mbili gramu hizo zilikuwa zimekwisha. Wiki nyingine nikala posho na matoke tele, na maharage yenye chumvi ileile ya kila siku. Asubuhi nimeongeza gramu 900, lakini pete ilizunguka vizuri. Shemeji alisema ndivyo inavyotarajiwa: maji ya chumvi hukaa zaidi nje ya seli, ndiyo maana yanavimbisha, na ya glaikojeni hukaa ndani ya misuli. Siku ile nilipanda kilima kwa baiskeli bila kushuka, jambo ambalo tangu niache posho lilikuwa limenishinda.

Mke wangu alijaribu sahani ileile ya posho akaongeza gramu 200 tu. Alishangaa, ila yeye hakuwahi kuacha posho. Ghala lililojaa halina pa kuweka.

Kuna uvimbe ambao sahani haihusiki nao. Jirani yangu, mzee wa makamo, aliposikia habari zangu akasema basi na miguu yake ni chumvi tu. Nilimwomba abonyeze kidole juu ya kifundo. Shimo lilibaki. Uzito wake ulipanda kila siku bila kushuka, na usiku alilala ameegemea mito kwa sababu ya pumzi. Hiyo inaweza kuwa moyo au figo, nikampakia boda siku hiyohiyo hadi kituo cha afya.

Mimi sasa huandika uzito kila asubuhi kwenye daftari la forodha, ukurasa wa nyuma, na Jumapili nalinganisha wastani wa siku saba na wa wiki iliyotangulia. Siku za sherehe naweka herufi S pembeni. Mke wangu anasema mwezi wa kumi na mbili ukurasa mzima umekuwa S.